Ripoti ya fildi na ChatGPT: msaada unaishia wapi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale yanayojirudia kila mwaka wanafunzi wa vyuo vya Moshi na Arusha wanaporudi kutoka fildi na kuanza kuandika ripoti. Ili tusizunguke nimetumia mfano mmoja mwanzo mpaka mwisho: mwanafunzi wa diploma ya ushirika, kakaa wiki nane kwenye AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, upande wa Kibosho, mada yake ni kwa nini baadhi ya wanachama wanauza kahawa kwa wanunuzi binafsi badala ya kuipeleka chamani. Mwanafunzi mwenyewe nimemtunga, makosa siyo ya kutunga, ni yale yale yanayoonekana kwenye ripoti za watu.

## Mambo ya msingi

1. Hivi kutumia ChatGPT kwenye ripoti ni udanganyifu au siyo?

Inategemea umeitumia kufanya nini, na jibu linapatikana ukijiuliza swali moja: hapa napewa maksi za nini? Ripoti ya fildi inapima kama ulienda kweli, uliona nini, ulikusanyaje taarifa, umezielewaje, na unaweza kuzioanisha na walichoandika wengine kabla yako. Hizo ndizo kazi zako. Ukiiachia programu ifanye moja kati ya hizo umekabidhi kitu kinachopimwa, na jina lililoko kwenye kava ni lako.

Vitu ambavyo havipimwi ni habari nyingine. Mwanafunzi wetu akiuliza jinsi ya kutengeneza jedwali la yaliyomo lijitengeneze lenyewe kwenye Word, au aelezwe kwa lugha rahisi tofauti ya sampuli ya kubahatisha na ile ya kuchagua kwa makusudi, hamna tatizo, hayo hata mwenzake wa hosteli angemweleza. Tatizo linaanza akisema "niandikie sura ya tatu, nimetumia sampuli ya kuchagua kwa makusudi, wakulima 22". Hapo programu itamwandikia sababu za kuchagua njia hiyo, sababu nzuri tu, ila siyo zake. Yeye aliwapata wale 22 kwa sababu ndio waliokuja chamani siku ya kupima kahawa, na hilo lilitakiwa lisomeke kwenye ripoti maana linabadilisha kabisa uzito wa matokeo: wale wasiokuja chamani, ambao ndio hasa wanauza nje, hakuwafikia.

2. Lekchara hajasema chochote kuhusu hizi programu. Si inamaanisha ruksa?

Hapana. Fungua kurasa za mwanzo za ripoti yako, kuna tamko unalosaini kwamba kazi ni yako mwenyewe na haijawasilishwa kwingine. Hiyo ni sheria tayari hata kama neno ChatGPT halimo.

Kama hujui mpaka wake, uliza kabla hujaanza kuandika, na uulize kwa maandishi ili jibu libaki. Ujumbe wa kawaida kabisa unatosha: "Shikamoo mwalimu. Naomba kuuliza, kwenye ripoti ya fildi naruhusiwa kutumia ChatGPT kurekebisha grama ya Kiingereza? Maudhui nimeandika mwenyewe na nitaeleza kwenye ripoti nilipoitumia." Akijibu hapana, ni hapana, hata kwa grama. Akijibu ndiyo, hifadhi hilo jibu. Ila usiulize kwa ujumla, eti "AI inaruhusiwa?", kwa sababu atakayesema ndiyo anaweza kuwa anafikiria grama tu wakati wewe unafikiria sura nzima.

3. Mbona miaka yote watu wanaandikiwa ripoti steshenari na wanapita?

Kwa upande wa uaminifu hamna tofauti, aliyelipa mtu amwandikie na aliyeandikiwa na programu wote wamekusanya kazi isiyo yao. Tofauti iko kwenye aina ya uharibifu. Ripoti ya kunakili steshenari ilikuwa ni ya mtu aliyewahi kwenda mahali fulani, data zilikuwa za kweli ila siyo zako. Programu inaweza kukuandikia mahojiano na mwenyekiti ambaye hajawahi kuwepo, kwa sentensi safi kuliko zako, na chama kikija kuomba nakala ya ripoti (vingine vinaomba, maana wanataka kujua wanachama wanasema nini) wanakuta maneno ambayo hakuna mtu aliyeyatamka.

4. Kwa nini inatunga vitu? Si imesoma kila kitu?

Kwa sababu kazi yake ni kuendeleza maandishi kipande kwa kipande, kila mara inachagua kipande kinachoelekea kufuata kulingana na maandishi mengi iliyofundishwa nayo. Hiyo inatosha kutoa Kiingereza kizuri sana, ila haina mahali inapohakikisha kama jambo limetokea. Zipo zinazotafuta mtandaoni kabla ya kujibu na hizo zinapunguza makosa kwenye mambo yaliyochapishwa, lakini hata hizo hazijafika Kibosho. Ukiiomba changamoto za AMCOS ya kahawa itakupa mtaji mdogo, miundombinu duni, elimu ndogo ya wanachama, uongozi mbovu. Hayo yanafaa kuandikwa kuhusu chama chochote nchi nzima, na ndiyo maana hayakusaidii.

## Kiingereza

5. Nafikiri kwa Kiswahili, Kiingereza changu kibovu. Kurekebishiwa grama ni kosa?

Kama chuo au lekchara hajakataza, na kozi yenyewe siyo ya kupima Kiingereza chako, kurekebisha grama na tahajia ni msaada unaokubalika, mimi nauona ni wa haki kabisa, maana mwanafunzi aliyeelewa ushirika vizuri asifelishwe na wakati wa vitenzi. Ila hapa ndipo watu wengi wanapovuka mpaka bila hata kujua, kwahiyo nitakaa hapa kidogo.

Tuchukue aya ya mwanafunzi wetu. Aliandika kwa Kiingereza chake, nikiiweka kwa Kiswahili inasema hivi: "Kati ya wakulima 22 niliowahoji, 14 walisema wanauza nje kwa sababu malipo ya pili yanachelewa. Watano walisema mnunuzi binafsi analipa kesh siku hiyo hiyo na wao walikuwa na ada ya shule. Watatu walitoa sababu nyingine." Akaipesti na kuandika tu "boresha". Kilichorudi: "Wakulima wengi wa kahawa mkoani Kilimanjaro wanakabiliwa na changamoto kubwa ya ucheleweshaji wa malipo, hali inayodidimiza ustawi wa kaya na kuondoa imani kwa uongozi wa vyama."

Soma tena uone kilichopotea. Ile 14 kati ya 22 imekuwa "wengi". AMCOS moja imekuwa mkoa mzima. Wale watano wa ada ya shule wamefutika, wakati ndio walikuwa na jambo la kuchunguza zaidi, maana hawalalamikii chama, wana shida ya pesa mwezi wa ada. Na kubwa kuliko yote, "kuondoa imani kwa uongozi" hakuna aliyesema. Kahawa ya chama inauzwa kwanza ndipo malipo ya pili yanakuja, na inayopita mnadani inasubiri zamu yake, kwahiyo kuchelewa kunaweza kuwa hakuhusiani kabisa na viongozi. Mwanafunzi amewatuhumu watu waliompokea wiki nane, kwa sentensi ambayo hakuiandika yeye.

Neno "boresha" ndilo limeleta hayo yote. Ukitaka grama tu, sema grama tu, mfano hivi:

```
Rekebisha grama na tahajia tu.
Usibadilishe namba, usiongeze wala kufuta sentensi.
Usibadilishe maana. Mwisho orodhesha kila ulichobadilisha.
```

Halafu usiamini hiyo orodha yake peke yake, kwa sababu wakati mwingine inabadilisha kitu na haikitaji. Hifadhi aya yako ya kwanza kwenye faili moja na iliyorekebishwa kwenye faili jingine, fungua Word, nenda Review halafu Compare, itakuonyesha kila neno lililobadilika. Pitia moja moja. Ukikuta neno ambalo wewe usingeweza kulieleza mbele ya supavaiza, rudisha la kwako.

6. Je nikiandika yote kwa Kiswahili halafu programu itafsiri?

Mawazo yanabaki yako, kwahiyo siyo sawa na kuandikiwa, ila ni msaada mkubwa kuliko grama na lazima uutaje (angalia swali la 13). Vyuo vingine vinahesabu hii kama kuandikiwa, kwahiyo uliza kwanza kama swali la 2 linavyosema.

Hatari yake iko kwenye maneno ya kazi. "Malipo ya awali" kwenye chama cha kahawa ni fedha anayopewa mkulima anapoleta kahawa kabla haijauzwa, programu inaweza kuitafsiri kama vile ni mkopo, au kama malipo ya mteja aliyelipia bidhaa kabla. Ukurasa mmoja baadaye uchambuzi wako wote unazungumzia madeni ambayo hayapo. Tengeneza kwanza orodha yako ndogo ya maneno kumi au kumi na tano ya fani, tafuta Kiingereza chake kwenye noti za darasani au kwenye taarifa za Bodi ya Kahawa, halafu hakikisha ndiyo yametumika kote.

## Sura ya pili na marejeo

7. Imenipa marejeo manane mazuri yenye majina na miaka. Naweza kuyatumia?

Usiyaweke hata moja kabla hujalifungua. Rejeo ni kitu chenye umbo linalojirudia, jina, mwaka, kichwa cha makala, jarida, kurasa, na programu inalijua sana hilo umbo, kwahiyo inaweza kukutengenezea rejeo lililokamilika la makala ambayo haijawahi kuandikwa. Mara nyingi linakuwa mchanganyiko: mtafiti ni wa kweli, jarida ni la kweli, makala haipo. Hili siyo la wanafunzi tu. Mwaka 2023 mahakama ya shirikisho New York iliwapiga faini ya dola 5,000 mawakili na ofisi yao baada ya kupeleka hoja zenye kesi zilizotungwa na ChatGPT, na mmoja wao alishaiuliza programu kama kesi ni za kweli, ikamjibu ndiyo.

Kuhakiki kunachukua dakika chache kwa kila rejeo. Kopi kichwa cha makala, kiweke ndani ya alama za kunukuu kwenye Google Scholar. Kisipotokea, jaribu bila alama. Kama kuna DOI, yaani namba ya utambulisho wa makala, andika `https://doi.org/` halafu bandika namba mbele yake, ikifungua makala nyingine tofauti au isifungue kitu, rejeo hilo litupe. Ikifungua yenyewe bado hujamaliza, soma kwanza kama makala inasema kile ulichoambiwa inasema. Mwanafunzi wetu alipata makala ya kweli kabisa kuhusu ushirika wa kahawa, programu ikasema makala hiyo imethibitisha kuchelewa kwa malipo ndiyo sababu kuu ya wakulima kuuza nje, alipoifungua akakuta inazungumzia ubora wa kahawa. Supavaiza anayeijua hiyo makala anakubaini hapo hapo.

Ukibaki na matatu kati ya manane, baki na matatu na utafute mengine mwenyewe maktaba. Usiiombe tena programu "nipe mengine matano", unarudi kule kule.

8. Makala ni ndefu na Kiingereza kigumu. Naweza kuomba muhtasari?

Unaweza, kwa ajili ya kuamua kama inafaa kusomwa. Ukishaamua kuitaja kwenye ripoti, soma mwenyewe angalau ikisiri, njia walizotumia na matokeo, na ile sentensi unayoitumia uione kwa macho yako pamoja na ukurasa wake. Ukiandika jina la mtafiti na mwaka unamwambia msomaji kwamba umesoma kazi hiyo. Kama ulichosoma ni muhtasari wa programu peke yake, basi hiyo rejea siyo ya kweli hata kama makala ipo.

## Data

9. Naruhusiwa kutengenezewa dodoso?

Kupata mawazo ya maswali, sawa kama imeruhusiwa na utaitaja. Kuchukua dodoso zima jinsi lilivyo ni kosa la aina mbili: dodoso ni sehemu ya kazi inayopimwa, na pia litakuwa halifai. Litamuuliza mkulima wa Kibosho kipato chake cha mwezi wakati kahawa inaingiza fedha kwa msimu, naye atabuni namba ili akuridhishe. Jaribu maswali kwa watu wawili watatu kabla, sikiliza wanapokwama, badilisha. Mabadiliko hayo ukiyaeleza kwenye sura ya tatu ni maksi zako halali.

10. Nilipanga kuhoji 40 nikapata 22. Naweza kuiomba ijazie 18 zinazofanana?

Hapana. Hii siyo tena swali la kutumia programu vibaya, hii ni kughushi data, na kwenye taaluma ni kosa zito kuliko kunakili kwa sababu mtu anaweza kufanya uamuzi akitegemea watu ambao hawapo.

Andika ukweli: ulilenga 40, umepata 22, wengine walikuwa shambani kwa sababu ulifika wakati wa kuvuna na chama hakikuwa na namba za simu za wote. Hiyo ni aya moja kwenye mapungufu ya utafiti, supavaiza wanaisoma kila mwaka na hawashangai. Data za kutungwa nazo zinaonekana: majibu yanapangika vizuri mno, hakuna aliyeruka swali, hakuna aliyejibu kitu cha ajabu, umri wote umeishia kwenye 35, 40, 45. Kwenye karatasi halisi kuna mzee aliyekataa kutaja umri na mama aliyejibu swali la nne kwa kueleza habari za ng'ombe. Na supavaiza akiomba karatasi zenyewe za dodoso, utaleta ngapi?

11. SPSS imenipa majedwali, siyaelewi. Nikiipa ChatGPT inieleze?

Kuelezwa jedwali linasomwaje ni kujifunza, endelea. Omba ikueleze "p" ni nini, kikomo cha 0.05 maana yake nini, halafu funga, rudi kwenye jedwali lako uandike mwenyewe. Ukiipa jedwali lako na kusema "andika uchambuzi" umekabidhi sura ya nne, ambayo kwa kawaida ndiyo moyo wa ripoti.

Na inakosea kimya kimya. Tuseme jedwali la uhusiano kati ya elimu ya mkulima na kuuza nje lina p ya 0.083. Hiyo iko juu ya 0.05, yaani hujapata ushahidi wa kutosha wa uhusiano. Programu inaweza kuandika vizuri tu kwamba "elimu ina mchango mkubwa", kwa sababu ndivyo maandishi mengi yanavyosema. Tena na watu 22 jedwali lenyewe linakuwa na visanduku vyenye mtu mmoja au wawili, SPSS inaandika onyo chini ya jedwali kuhusu visanduku vyenye matarajio chini ya 5, na hilo onyo ndilo lekchara atakuuliza.

12. Nina mahojiano niliyorekodi. Nikiyaweka yote kwenye programu inipangie mada?

Kabla ya kufikiria maksi fikiria yule uliyemrekodi. Ulimwambia mazungumzo ni kwa ajili ya masomo yako tu, na humo kataja jina la katibu, deni lake, pengine namba ya simu. Ukiyapesti kwenye programu ya mtandaoni yameondoka mikononi mwako, na baadhi ya kampuni zinatumia mazungumzo ya watumiaji kufundishia programu zao usipozima hiyo sehemu kwenye mipangilio. Hukupewa ruhusa hiyo.

Mahojiano 22 mafupi yanapangika kwa mkono. Chapisha, chukua kalamu za rangi, kila sababu rangi yake, kwa jioni mbili tatu unamaliza na unakuwa unazijua data zako kiasi kwamba kwenye prezentesheni hushikiki. Kama ni lazima utumie programu, pata ruhusa ya supavaiza, ondoa majina, vijiji, namba na kila kinachoweza kumtambulisha mtu, na kwenye chama kidogo hata cheo kinamtambulisha.

## Kusema ulichofanya

13. Tamko la kutumia AI linaandikwaje?

Kama chuo kina fomu yake tumia hiyo. Kama hakina, aya fupi baada ya tamko la kawaida au mwisho wa sura ya tatu inatosha, yenye vitu vinne: programu gani, lini, sehemu gani ya ripoti, na wewe ulihakiki vipi. Kwa mwanafunzi wetu ingekuwa hivi:

"Mwezi wa tisa 2025 nilitumia ChatGPT kurekebisha grama ya Kiingereza katika sura ya kwanza na ya nne. Maandishi ya awali niliyaandika mwenyewe na nimelinganisha kila badiliko. Nilitumia pia kupata mawazo ya maswali ya dodoso. Maswali ya 6 na 9 yametokana na mawazo hayo na niliyabadilisha baada ya majaribio. Marejeo yote nimeyatafuta na kuyasoma mwenyewe. Data na uchambuzi ni wangu."

Usiandike "nilitumia AI kwa msaada mdogo", hiyo haimwambii msomaji chochote. Na usiiweke programu kama mwandishi mwenza, haiwezi kuwajibika kwa kilichoandikwa, wewe ndiye utakayeitwa.

14. Nikisema si nitakatwa maksi wakati wenzangu waliokaa kimya wanapeta?

Inawezekana ukakutana na lekchara mkali akakukata, siwezi kukuahidi vingine. Ila ukiwa umeuliza mapema (swali la 2) na umebaki ndani ya alichoruhusu, hana cha kukukata. Aliyekaa kimya akibainika kesi yake inakuwa ya kuficha, na kuficha ndiko kunakofikisha mtu kwenye kamati ya nidhamu.

## Kesi za pembeni

15. Turnitin imesema ripoti yangu ni ya AI na nimeandika mwenyewe. Nifanyeje?

Kwanza tofautisha namba mbili zinazotolewa na Turnitin, programu inayokagua kazi za wanafunzi. Ile ya kufanana inaonyesha maandishi yako yanalingana na yapi mengine, na unaweza kuyafungua ukayaona. Ile ya AI, ambayo Turnitin waliianzisha Aprili 2023, ni makadirio, haina chanzo cha kukuonyesha, na wenyewe hawaonyeshi asilimia kamili ikiwa chini ya 20 kwa sababu hapo makosa ni mengi. OpenAI waliotengeneza ChatGPT walikuwa na kifaa chao cha kugundua, wakakiondoa Julai 2023 kwa kuwa usahihi ulikuwa mdogo. Mwaka huo huo watafiti wa Stanford walipima vigunduzi saba kwa insha 91 za mtihani wa Kiingereza wa TOEFL zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza siyo lugha yao, na kwa wastani zaidi ya nusu zikasemwa ni za AI. Sentensi fupi na maneno ya kawaida, yaani jinsi wengi wetu tunavyoandika Kiingereza, ndivyo vinavyowachanganya. Turnitin haikuwa miongoni mwa hivyo saba, ila sababu ya kuwa makini ni ile ile.

Kwahiyo namba hiyo peke yake siyo ushahidi, na wewe unajitetea kwa ushahidi wa kazi. Kama uliandika kwenye Google Docs nenda File, halafu Version history, halafu See version history, ripoti inaonekana ikikua siku kwa siku. Leta logi buku iliyogongwa muhuri, karatasi za dodoso, rasimu zenye maandishi ya supavaiza. Omba uulizwe kwa mdomo kuhusu sura yoyote. Nenda kwa heshima, kwa barua, na utumie ngazi za chuo: supavaiza, mkuu wa idara, ndipo kamati.

Ndiyo maana usiandike ripoti nzima kwenye simu kisha kuipesti yote siku moja, hata kama ni ya kwako huna cha kuonyesha.

16. Kuna programu zinazobadilisha maandishi ya AI yaonekane ya binadamu. Zinasaidia?

Zinasaidia kuficha, na mtu hafichi msaada unaoruhusiwa. Kamati ikigundua ulipitisha kazi huko huwezi tena kusema hukujua. Zinaharibu na kazi pia kwa sababu zinabadilisha maneno ya fani kwa visawe: "chama cha ushirika" kwenye Kiingereza kinageuka kitu kama "umoja wa kusaidiana kirafiki", "mtaji wa hisa" unakuwa "fedha kubwa za kugawana". Msomaji wa fani akikuta hayo mara mbili anajua kilichotokea bila kuhitaji Turnitin.

17. Tuko watu watano kwenye asaimenti ya kundi, mmoja kaleta sehemu iliyoandikwa na AI. Mimi nahusikaje?

Jina lako lipo kwenye kava kwahiyo unahusika. Mwambie kabla ya kukusanya, mpeni muda aandike upya, msaidieni marejeo. Kama amegoma na muda umeisha, andikeni kwenye tamko nani aliandika sehemu gani, na mkamweleze lekchara kabla ya kukusanya, siyo baada ya matokeo.

18. Nimeshakusanya na ndani kuna marejeo ambayo sikuyahakiki. Sasa?

Hakiki leo kwa njia ya swali la 7. Yaliyo sawa hayana shida. Kama kuna yasiyopo, mwandikie supavaiza wewe kabla hajakuandikia: taja ni yapi, yako ukurasa gani, yalitoka wapi, na uombe kuwasilisha masahihisho. Kabla ripoti haijasahihishwa hilo mara nyingi linawezekana kwa kubadilisha kurasa tu. Ikishapigwa maksi linaweza kwenda kwenye kamati, lakini barua yako yenye tarehe ya kabla ya kugunduliwa itakuwa mezani pamoja na kesi.

Kama kilichomo siyo marejeo bali ni data, wale 18 wa swali la 10, kubadilisha kurasa hakutoshi. Omba kuiondoa ripoti nzima na kuiandika upya kwa 22 ulionao, hata kama inamaanisha kusubiri msimu ujao wa kukusanya ripoti.